Tathmini ya Hatari ya Moto Katika Bweni la Shule

Usiku mmoja wa Juni 1994, wanafunzi wa kike 42 waliteketea bwenini katika shule ya sekondari ya Shauritanga, wilayani Rombo. Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika shule ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya. Agosti 2009, wasichana 12 walipoteza maisha huko Idodi, mkoani Iringa. Vyanzo vya mioto hiyo havikufanana. Taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa wa msomaji huko Idodi. Huko Kyanguli petroli ilimwagwa kwa makusudi. Lakini huko Kyanguli mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Jambo hilo ndilo linalotupa msingi wa makala haya: anayetathmini hatari ya moto katika bweni hana budi kuuliza maswali mawili tofauti. La kwanza, moto utaanzaje? La pili, ukishaanza, kila mtoto atatokaje? Ripoti inayojibu swali la kwanza peke yake haijakamilika, kwa kuwa hakuna shule inayoweza kuvizuia vyanzo vyote.

Tutaeleza hapa jinsi ripoti ya namna hiyo inavyoandikwa, tangu kupima jengo, kutoa alama kwa kila hatari, hata kupanga marekebisho na siku zake za mwisho. Tutatumia bweni la mfano. Vipimo vyake si vya shule moja iliyopo, ila vimechaguliwa ili vifanane na mabweni mengi ya nchi zetu.

Bweni lenyewe

Bweni letu lina urefu wa mita 24, upana wa mita 8, na dari iliyo mita 3 kutoka sakafuni. Wanalala wanafunzi 96 katika vitanda 48 vya ghorofa mbili, vilivyopangwa 24 kila upande, vichwa vikielekea ukutani. Kila kitanda kina upana wa sentimeta 90. Msomaji akigawa mita 24 kwa vitanda 24 ataona kuwa kila kitanda kimepata mita moja tu, hivyo nafasi kati ya kitanda na jirani yake ni sentimeta 10. Mtoto hawezi kushuka kwa ubavu. Hana budi kushukia miguuni, pale pale anaposhukia mwenzake wa chini. Njia ya katikati ni pana, lakini imejaa masanduku ya bati.

Kuna milango miwili, mmoja katika kila mwisho wa jengo, na kila mmoja una upana wa sentimeta 90 ukiwa wazi. Yote miwili hufungukia ndani. Kila usiku mlango wa nyuma hutiwa kufuli kwa nje, na ufunguo hukaa kwa matroni, ambaye nyumba yake iko mita 60 kutoka hapo. Madirisha yote yana nondo zilizojengewa ukutani. Hakuna king'ora. Mitungi miwili ya kuzimia moto imo ofisini mwa mkuu wa shule. Umeme hukatika mara kwa mara, na unapokatika, wanafunzi wa kidato cha nne husoma kwa mishumaa kitandani, ndani ya vyandarua. Magodoro yote ni ya sponji.

Saa ya moto na saa ya watu

Kabla ya kutoa alama yoyote, mtathmini hulinganisha muda wa namna mbili: muda ambao bweni litaendelea kuwa mahali pa kuponea, na muda ambao watu wanauhitaji ili watoke wote. Wa pili ukiuzidi wa kwanza, watu watakufa, hata kama kila kitu kingine kimeandikwa vizuri katika daftari la shule.

Tuanze na saa ya moto. Moto wa godoro la sponji ukishashika miali haukui kwa mwendo wa sawasawa. Wahandisi huukadiria kuwa nguvu yake huongezeka kwa mraba wa muda, yaani muda ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Katika daraja wanaloliita la ukuaji wa kasi, moto hufikia kilowati 1,000 baada ya sekunde 150. Nguvu hiyo ni kama ya majiko 500 ya umeme ya kilowati mbili yaliyowashwa pamoja katika chumba kimoja.

Hata hivyo, kinachoua kwanza kwa kawaida ni moshi. Sponji inapoungua hutoa kaboni monoksidi na sianidi ya haidrojeni, gesi mbili zinazoinyima miili yetu uwezo wa kuitumia oksijeni. Moshi wa moto hupanda hadi darini, hutandaa, kisha hushuka kama pazia. Kwa kutumia kanuni ya kawaida ya kukadiria kushuka kwa moshi, katika chumba cha ukubwa wa bweni letu na kwa moto wa kasi, ukingo wa chini wa moshi utafika mita 2.4 kutoka sakafuni baada ya sekunde zipatazo 120, na mita 1.6 baada ya sekunde zipatazo 160. Hesabu hii haikupuuza kitu kidogo: mita 1.6 ni kimo anacholala mtoto wa kitanda cha juu, na mita 2.4 ndipo kinapofika kichwa chake anapoketi. Kwa hiyo watoto wa juu wanaanza kuvuta moshi kabla wenzao wa chini hawajauona. Tuchukue sekunde 160 kuwa ndio muda tulio nao.

Sasa saa ya watu. Hii ina sehemu tatu: kugundua, kuamka na kuinuka, na kupita mlangoni. Bila king'ora, tukadirie sekunde 60 kabla mtu mmoja hajapiga kelele. Kuamka, kuelewa na kushuka kitandani gizani, tukadirie sekunde 90. Watoto hulala usingizi mzito kuliko watu wazima. Kuhusu mlango, kadirio la kawaida la wabunifu wa majengo ni kwamba kila mita moja ya upana hupitisha watu 80 kwa dakika wakitembea kwa utaratibu. Mlango wa sentimeta 90 basi hupitisha watu 72 kwa dakika, na wanafunzi 96 watahitaji sekunde 80.

Mtu asiyezoea kazi hii atasema: milango ni miwili, hivyo sekunde 40 zatosha. Hapo ndipo makosa mengi hutokea. Kanuni ni kuwa mtathmini huuondoa mlango mmoja katika hesabu, kwa kudhani kuwa moto umeanzia karibu nao. Bweni lenye milango miwili huhesabiwa kuwa na mmoja. Lenye milango miwili na kufuli moja huhesabiwa kuwa halina mlango.

Tukidhani kwa muda kwamba kufuli halipo, jumla ya saa ya watu ni 60 na 90 na 80, yaani sekunde 230, dhidi ya 160 tulizo nazo. Pungufu ni sekunde 70. Kufuli likiwapo, na moto ukaanzia mlango wa mbele, hakuna hesabu ya kufanya.

Kutoa alama

Njia iliyozoeleka ni kuipa kila hatari alama mbili kati ya 1 na 5, moja ya uwezekano wa kutokea na nyingine ya ukubwa wa madhara, kisha kuzizidisha. Katika bweni letu tunapata orodha hii:

1. Mishumaa ndani ya vyandarua: uwezekano 4, madhara 4, jumla 16.
2. Mlango wa nyuma wenye kufuli: uwezekano 3, madhara 5, jumla 15.
3. Nondo zisizofunguka katika madirisha yote: uwezekano 3, madhara 5, jumla 15.
4. Kutokuwapo kwa king'ora: uwezekano 3, madhara 4, jumla 12.
5. Msongamano wa vitanda na masanduku njiani: uwezekano 3, madhara 4, jumla 12.
6. Mitungi ya kuzimia moto kuwekwa mbali: uwezekano 3, madhara 2, jumla 6.

Katika hatari za kutoka, kama kufuli na nondo, uwezekano maana yake ni uwezekano wa moto wowote kutokea usiku wakati kizuizi hicho kipo. Kufuli haliwashi moto.

Msomaji ataona kasoro ya njia hii mara moja. Mishumaa imepata 16, kufuli 15. Mkuu wa shule mwenye fedha kidogo aweza kupiga marufuku mishumaa, akaridhika kuwa amekwisha kushughulikia hatari iliyo juu kabisa katika orodha, na kufuli likabaki hadi muhula ujao. Tofauti ya alama moja haina maana yoyote ya kisayansi, kwa kuwa alama zenyewe ni makadirio ya mtu. Kwa sababu hiyo ripoti nzuri huongeza kanuni moja: hatari yoyote iliyopata 5 katika madhara huingia katika kundi la kwanza, pasipo kujali jumla yake. Kuzidisha hutumika kupanga zile zinazosalia.

Kwa nini mitungi imepata alama ndogo, hali watu wengi huitaja kwanza? Kwa sababu mtungi hufaa kwa moto uliokwisha kuonekana ungali mdogo kama kapu la takataka, ukiwa mikononi mwa mtu mzima aliyefundishwa, mwenye njia ya kutokea nyuma yake. Godoro la sponji lililokwisha kushika moto si kazi ya mwanafunzi. Mitungi irudishwe milangoni na ikaguliwe, lakini isitumike kama kisingizio cha kuchelewesha mengine.

Marekebisho na siku za mwisho

Maneno kama "haraka iwezekanavyo" hayafai katika ripoti ya moto. Kila marekebisho yaandikiwe vitu vitatu: mhusika mmoja kwa cheo chake, siku ya mwisho, na uthibitisho, yaani jaribio litakaloonyesha kuwa kazi imefanyika kweli. Tudhani bweni letu limekaguliwa siku ya Jumatatu.

Jumatatu hiyo hiyo, kabla ya saa 12 jioni: mkuu wa shule aondoe kufuli la mlango wa nyuma na kuweka komeo la ndani. Uthibitisho: mwanafunzi mdogo kuliko wote bwenini, taa zikiwa zimezimwa, aufungue mlango kwa mkono mmoja bila ufunguo. Akishindwa, komeo halifai. Siku hiyo pia masanduku yaondolewe katika njia ya katikati na kusukumwa chini ya vitanda.

Jumatatu hiyo hiyo: mwalimu wa zamu akusanye mishumaa na koroboi, na agawe taa za betri. Marufuku peke yake haitoshi. Mwanafunzi anayesoma kwa mshumaa anaogopa mtihani kuliko anavyoogopa moto, na akinyang'anywa mmoja atanunua mwingine na kuuficha vizuri zaidi. Hivyo darasa moja liachwe wazi chini ya usimamizi hadi saa 5 usiku, na taa za betri ziwekwe humo.

Katika siku 7: fundi wa kuchomelea akate nondo za madirisha manne, mawili kila upande, na kutia fremu za nondo zenye bawaba zinazofungukia nje kwa komeo la ndani. Vitanda vilivyo mbele ya madirisha hayo viondolewe. Kazi ya kuchomelea ifanyike nje ya jengo. Cheche za kukata chuma ndani ya chumba chenye sponji zaweza kuleta moto ule ule tunaoukimbia; kwa hiyo wakati wa kukata nondo ukutani, magodoro yatolewe na mtu mwenye ndoo za maji asimame karibu, abaki hapo hata baada ya kazi kwisha.

Katika siku 7 pia: mlinzi wa usiku apewe kengele, hata kama ni rimu la gari lililotundikwa mtini, na zamu iliyoandikwa ya kulizunguka bweni. Katika siku 30: vitambua-moshi vya betri vifungwe darini, vilivyounganishwa ili kimoja kikilia vyote vilie. Visitegemee umeme wa gridi peke yake, kwani saa za kukatika umeme ndizo saa za mishumaa. Uchunguzi umeonyesha kuwa watoto wengi hawaamshwi na mlio wa king'ora; ndiyo maana viranja wakubwa wagawiwe vitanda, kila mmoja akijua ni nani atawatikisa.

Katika siku 30: vitanda vipunguzwe kutoka 48 hadi 36, na wanafunzi 24 wahamishiwe katika jengo jingine. Nafasi kati ya vitanda itakuwa sentimeta 43. Hapa ripoti haina budi kusema ukweli mchungu. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa Kenya mwaka 2008 unataka angalau mita 1.2 kati ya vitanda na mita 2 za njia, milango ifungukie nje na madirisha yasiwe na nondo. Kwa mpangilio wetu, mita 1.2 zingeruhusu vitanda 22 tu, yaani wanafunzi 44. Hivyo vitanda 36 ni hatua ya mpito, nayo iandikwe hivyo, pamoja na tarehe ya kuikamilisha.

Wakati wa likizo ijayo: milango yote miwili ipanuliwe iwe na mita 1.2 na ifungukie nje. Mlango unaofungukia ndani hubanwa na umati ule ule unaotaka kutoka. Wa mbele hawezi kuuvuta, kwa kuwa wa nyuma wanamsukuma.

Je, yatosha?

Turudi kwenye saa mbili. Baada ya siku 30, kwa king'ora, kugundua kunakadiriwa sekunde 30, na kuamka kwa watoto waliofanya mazoezi, sekunde 45. Wanafunzi 72 katika mlango mmoja wa sentimeta 90 watahitaji sekunde 60. Jumla ni 135, chini ya 160. Baada ya likizo, mlango wa mita 1.2 utapitisha watu 96 kwa dakika. Wanafunzi 72 watahitaji sekunde 45, na jumla itakuwa 120. Akiba ni sekunde 40. Siyo kubwa, na ni ya makadirio. Tena petroli ikimwagwa, moto hukua upesi kuliko daraja la kasi tulilolitumia. Hapo madirisha manne ndiyo akiba ya mwisho.

Kwa hiyo makadirio hayo yapimwe. Zoezi lifanyike usiku, si mchana baada ya gwaride. Mwalimu asimame na saa mbele ya mlango mmoja na kutangaza kuwa hapo pana moto. Muda uhesabiwe tangu kengele ya kwanza hadi mtoto wa mwisho ahesabiwe uwanjani kwa jina. Ukizidi sekunde 105, ripoti imekosea mahali, na kasoro itafutwe: pengine kiranja mmoja hakuwatikisa watu wake, pengine sanduku limerudi njiani.

Jambo la mwisho linahusu kufuli. Halikuwekwa kwa ubaya. Matroni alikwisha kuibiwa mablanketi, au aliogopa wasichana kutoroka na wageni kuingia, naye ndiye angeulizwa asubuhi. Hofu hiyo isipojibiwa, kufuli litarudi baada ya wiki mbili, na ripoti itaendelea kusema kuwa hatua imekamilika. Njuga au kengele ndogo iliyofungwa kwenye mlango wa nyuma, ikisikika kwa mlinzi kila ufunguliwapo, hulinda mali na adabu bila kuziba njia. Vitanda vya matroni au mlezi vihamishiwe katika chumba kilicho kando ya bweni lenyewe, si mita 60 mbali. Kisha mkaguzi arudi bila taarifa, saa 4 usiku, na ausukume mlango ule kwa mkono wake kabla ya kuitia ripoti sahihi. Namba ya zimamoto, 114 kwa Tanzania, ibandikwe nyumbani kwa mlinzi na kwa matroni, lakini hesabu ya sekunde 160 inaonyesha wazi kwamba shule nyingi zitalazimika kuwaokoa watoto wake kabla gari la zimamoto halijawasha injini.